Namna ya kuwaomba jamaa wasiweke picha za mtoto wako mtandaoni bila kukosana nao

Kila mtoto anapozaliwa katika ukoo wetu, simu yangu huanza kulia, na swali huwa lile lile. "Nitamwambiaje mama mkwe asimweke mtoto kwenye stetasi bila yeye kuona nimemdharau?" Wengine huuliza wakiwa wamechelewa: picha imeshawekwa, watu wameshatia pongezi mia moja, na sasa wanataka itolewe kimyakimya. Nimejibu kwa simu vya kutosha. Naandika hapa mara moja ili mtu akiuliza nimtumie hii.

Mimi naishi Nakuru. Kwetu ni Bahati, kwa mume wangu ni Mumias. Tuna watoto wawili, na somo hili nililipata kwa mtoto wa kwanza.

Alikuwa na siku nne tu. Jamaa mmoja alikuja kutuona, akampiga picha akiwa amelala kitandani, akaiweka Facebook kwa furaha yake yote. Kando ya kichwa cha mtoto, juu ya shuka, kijitabu cha kliniki kilikuwa kimelala wazi: jina langu kamili, nambari yangu ya simu, tarehe ya kuzaliwa. Siku mbili baadaye nikapigiwa na mtu nisiyemjua. Alijifanya anatoka hospitali niliyojifungulia, akanitajia tarehe na uzito wa mtoto, kisha akataka nitume pesa za kufungua faili. Sikutuma. Lakini nilimpigia yule jamaa nikiwa nimewaka, nikamwambia maneno ambayo mtu hamwambii aliyekuja na kuku na ndizi kumwona mtoto wako. Picha ilitoka siku hiyo hiyo. Na yeye hakukanyaga kwetu miezi saba.

Kwa hiyo mwongozo huu una shabaha mbili zinazokwenda pamoja: picha isiwekwe, na jamaa abaki. Nitashughulikia hali moja hasa, ile ya safari ya kwanza ya kumpeleka mtoto nyumbani kwa wazee, maana huko ndiko simu nyingi huinuliwa kwa wakati mmoja. Ukishavuka hapo, mengine ni mepesi.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Kwanza, wazazi wawili muwe na neno moja. Ukimkataza wifi yako leo, kesho mumeo akamtumia picha akisema "weka tu," umeshakuwa mbaya wa familia peke yako. Kaeni jioni moja mkubaliane mambo matatu: picha zipi haziwekwi kabisa, zipi ni sawa, na zile za kubaki katika familia zitatumwa wapi. Sisi tulikubaliana kwamba sura ya mtoto haiendi mahali ambapo watu tusiowajua wanaweza kuiona, na kwamba jina lake kamili, tarehe yake ya kuzaliwa na shule yake haviandikwi popote pamoja na picha.

Pili, safisha kwako. Fungua simu yako uangalie picha yako ya wasifu. Kama ni huyo mtoto, ibadilishe kabla hujampigia mtu yeyote. Pitia pia picha ulizoweka zamani. Shangazi mmoja aliniuliza, "Mbona wewe umemweka?" na sikuwa na jibu, kwa sababu kweli nilikuwa nimemweka.

Tatu, chagua sababu moja, fupi na ya kweli. Nitaieleza katika hatua ya 1 kwa kuwa watu wengi hukosea hapo.

Nne, andika majina ya watu wanaoposti kweli. Usiwaze ukoo mzima. Ukikaa ukafikiri utakuta ni watu watano au sita: nyanya mmoja, shangazi wawili, binamu wa chuo, rafiki yako wa kanisani. Hao ndio utakaoongea nao. Wengine hutazama tu.

Tano, picha tatu au nne ambazo uko radhi ziwekwe. Hizi ndizo zitakazokuokoa, kwa hiyo usiziache nyuma. Ziko katika hatua ya 4.

Hatua

1. Tengeneza sentensi moja mtakayoitumia nyote wawili

Sentensi iwe ya ombi, iwe juu ya mtoto, isimguse anayeombwa. Yetu ni hii: "Tumeamua sura ya mtoto isiende mtandaoni mpaka awe mkubwa aamue mwenyewe, tunaomba mtusaidie kuilinda."

Angalia neno "tumeamua." Linaonyesha jambo limeshakatwa na wazazi, halifunguliwi baraza. Halafu "mtusaidie" linampa jamaa kazi. Nyanya aliyepewa kazi ya kulinda atailinda kuliko wewe. Aliyekatazwa atatafuta mlango wa nyuma.

Akiuliza kwa nini, mpe kitu anachokijua. Mimi huwaambia hivi: watu huchukua picha za watoto wa wenyewe, wakaandika jina lingine, wakaomba mchango wa matibabu ya uongo. Karibu kila mtu ameona ombi la namna hiyo kwenye grupu, kwa hiyo halihitaji mjadala. Kwa aliye na mtoto wa shule huongeza: mtu akijua sura, jina na yunifomu, anaweza kusimama getini na kumwita mtoto kwa jina.

Epuka sababu mbili. Ya kwanza ni kusema "hatujui marafiki zako ni watu gani." Hata kama ndiyo hofu yako halisi, yeye atasikia kwamba umewaita rafiki zake wahalifu. Ya pili ni kijicho. Najua wengi huikimbilia kwa sababu wazee huielewa upesi, lakini kama huiamini usiitumie. Niliwahi kuona mama akimwambia mkwe wake hivyo ili amalize maneno. Wiki iliyofuata kijiji kizima kilikuwa kinajadili ni jirani gani aliyeshukiwa kuwa na jicho baya, na mtoto akaletewa dawa ya kufungwa kiunoni. Sasa akawa na kazi mbili za kukataa.

2. Kila mmoja aongee na upande wake

Hii haina mjadala. Mume aongee na mama yake, dada zake na binamu zake. Mke aongee na wa kwao. Maneno yale yale yakitoka kwa mwana ni mpango wa nyumba yake, yakitoka kwa mkaza mwana ni kiburi cha mwanamke aliyemteka mtoto wao. Na kwa upande mwingine, katika familia nyingi za magharibi mwa Kenya mkwe wa kiume hana hata nafasi ya kuketi na mama wa mkewe wakazungumza namna hiyo; heshima haimruhusu. Kwetu, kukhu, nyanya wa Mumias, aliambiwa na mume wangu, na shosho, nyanya wa Bahati, nilimwambia mimi.

Mume wako akisema "ongea nao wewe, wanakupenda," usikubali. Msubiri. Mimi nilisubiri wiki mbili.

3. Anza na mtu mmoja ambaye wengine humfuata, na umwambie kabla ya safari

Usianze kwa kutuma tangazo kwenye grupu la familia. Hilo ndilo kosa ninaloliona zaidi ya yote. Tangazo la grupu humfanya kila mtu ajiulize ni nani aliyekosea, na yule aliyeweka picha juzi anajua ni yeye, tena anajua wengine wanajua. Ataondoka kwenye grupu usiku huo huo.

Badala yake piga simu, sauti kwa sauti, siku tatu au nne kabla ya kusafiri, kwa yule ambaye neno lake huenda mbali. Mara nyingi ni nyanya wa mtoto, lakini si lazima. Katika familia ya mume wangu ni dada yake mkubwa, senje wa watoto, yule anayekusanya michango na kupanga nani analala wapi Desemba. Mume wangu alimpigia jioni, baada ya chakula, wakati hana haraka. Nilikuwa karibu, nikasikia karibu kila neno:

"Dada, habari ya huko? Mvua imefika?"

"Imefika. Mnakuja Jumamosi?"

"Tunakuja. Kuna jambo nataka unisaidie kabla hatujafika. Mimi na mama watoto tumeamua sura ya mtoto isiende mtandaoni mpaka awe mkubwa. Nakwambia wewe kwanza, kwa sababu wewe ukisema huko nyumbani watu wanasikia."

Kukawa na kimya kidogo. "Kwani kuna nini? Mimi nimeshawaambia watu wa chama changu nitawaonyesha mtoto."

"Waonyeshe. Waonyeshe kwa simu yako, hiyo haina shida. Tunachoomba ni isiwekwe stetasi wala Facebook. Na nitakupa moja ya kuweka, utaipenda."

"Sawa. Lakini mama utamwambia mwenyewe."

"Nitamwambia kesho asubuhi."

Tazama alivyofanya. Hakumshtaki kwa picha yoyote ya zamani, ingawa zilikuwapo. Alimtofautishia kati ya kuonyesha na kuweka, na hiyo ndiyo tofauti inayomtuliza mtu, maana hofu yake kubwa ni kunyimwa mtoto. Na aliahidi kitu pale pale alipokataza.

4. Mpe kitu cha kuweka

Hapa ndipo panapoamua kama ombi litashika. Shangazi hana haja na sura ya mtoto kama sura. Anachotaka ni kusema kwa watu wake: tumepata mtoto, mimi ni shangazi, nyumbani kwetu kuna furaha. Ukimkataza picha bila kumpa njia nyingine ya kulisema hilo, umemziba mdomo siku ya sherehe. Atalisema tu, na atalisema kwa picha ya kwanza atakayoipata.

Kwa hiyo piga picha hizi mapema, ukiwa na nafasi na mwanga mzuri wa mlangoni:

Kiganja cha mtoto kikiwa kimeshika kidole cha nyanya. Hii ndiyo hushinda zote. Ile mikunjo ya mkono wa kukhu, na vidole vidogo vimebana kimoja chake hadi kucha zimekuwa nyeupe. Hakuna aliyeiona akauliza sura iko wapi. Mama mkwe wangu aliiweka stetasi siku tatu mfululizo.

Mtoto kwa nyuma, amebebwa begani, uso wa shangazi ndio unaoonekana. Shangazi ndiye anayeng'aa hapo, na kusema kweli huipenda zaidi ya ile nyingine.

Miguu miwili ndani ya soksi juu ya leso. Keki au sahani za sherehe bila watu. Kwa mtoto mkubwa kidogo, akikimbia kuelekea shambani, mgongo kwa kamera.

Kabla ya kutuma, kuza picha uipekue pembeni. Natafuta kijitabu cha kliniki, bangili ya hospitali, beji ya shule, nambari ya gari na ubao wenye jina la shule au la ploti. Kisha watumie wenyewe, mmoja mmoja, na neno: "Hii ni yako ya kuweka." Neno "yako" lina uzito.

Usizibe uso kwa kibandiko cha moyo halafu ukamtumia picha hiyo kila mtu kama ndiyo picha pekee. Kwa stetasi kinatosha, lakini nyanya akipokea mjukuu mwenye moyo usoni anaona amefichwa yeye.

5. Siku yenyewe, tengeneza muda wa picha

Usizunguke nyumba nzima ukilinda simu za watu. Utachoka, na sura yako itasomeka. Tulipofika Mumias, baada ya chai, mume wangu alisimama akasema, "Sasa tupige picha zote mara moja, halafu mtoto apumzike." Tukapiga za kila mtu, na sura ya mtoto ikiwemo, kwa simu yetu. Hiyo ndiyo siri yenyewe: simu iwe yenu. Simu za wengine zikiinuka, sema kwa upole, "Tumia hii yetu, inapiga vizuri, nitawatumia jioni." Na kweli uwatumie jioni hiyo. Ukikawia mpaka Jumatatu, safari ijayo kila mtu atapiga yake.

Tafuta pia kijana mmoja wa upande wenu, binamu wa chuo kwa mfano, mweke msaidizi. Vijana huona haraka nani anarusha moja kwa moja au anarekodi video ya TikTok, na wakiambiana wao kwa wao haiwi kesi.

Mchungaji akiombea mtoto kanisani na kuna kamera inayorusha ibada, mwone mtu wa kamera kabla ya ibada kuanza. Mwombe aelekeze kwa mchungaji wakati wa maombi. Nimeomba mara mbili, na mara zote mbili alikubali bila swali.

6. Fungua mahali pa picha za ndani

Jamaa wa mbali wanamhitaji mtoto pia. Sisi tulifungua grupu dogo la WhatsApp lenye watu kumi na mmoja, wote wameambiwa kwa mdomo kwanza. Kwenye maelezo ya grupu tukaandika: "Picha za hapa ni za macho yetu. Za kuweka nje zitaandikwa 'ya kuweka'." Hapo kwenye mipangilio ya grupu washa `Advanced chat privacy`, huzuia picha kujihifadhi zenyewe kwenye simu za wanagrupu. Haimzuii mtu kupiga picha ya skrini, kwa hiyo usitume humo kitu ambacho kingekuua kikivuja.

Kuna picha za kuonekana mara moja tu, zile za `View once`. Usimtumie nyanya. Ataifungua akiwa jikoni na moshi machoni, ifungike, na hataiona tena. Kukhu alidhani simu imeharibika.

Kwa wazee, njia iliyo bora kuliko zote ni karatasi. Toa picha moja nzuri studio, saizi ya kuonekana kutoka kitini, itie fremu, ipeleke mkononi. Wageni wakija wataonyeshwa ukutani. Mwambie tu kwamba na hiyo ya ukutani isipigwe na simu, maana mimi nilisahau kumwambia.

7. Kwa wasio jamaa, badilisha lugha

Yote niliyosema juu ni ya familia. Mpiga picha wa kulipwa, mwenye ukumbi wa sherehe na shule ni jambo lingine. Hao hutumia picha ya mtoto wako kujitangaza, na hapo ombi la upole liende pamoja na maandishi. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019, kifungu cha 33, inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa. Mnamo Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja ya Uthiru, Nairobi, faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Kwa mpiga picha, andika kwenye ujumbe wa kukubaliana bei: "Picha za mtoto zisiwekwe kwenye kurasa zako," na umlipe baki baada ya kukubali.

Kwa jamaa usiitaje sheria hii hata kwa mzaha. Kwanza kifungu cha 51 cha sheria hiyo hiyo kinaacha nje mambo ya mtu binafsi na ya nyumbani, kwa hiyo huenda usipate unachotishia. Pili, ukishamtajia shangazi serikali, hamna tena mazungumzo.

Mambo yakienda kombo

*Picha imeshawekwa.* Piga simu mara moja, usiandike kitu chini ya picha. Anza na shukrani ya kweli: "Nimeona ulivyomfurahia mtoto, asante." Kisha: "Ni kosa letu, hatukukwambia mapema, tumeamua sura yake isiende mtandaoni. Naomba uitoe, nakutumia nyingine sasa hivi ya kuweka mahali pake." Tuma hiyo nyingine mkiwa bado kwenye simu. Stetasi huisha yenyewe baada ya saa 24, kwa hiyo kama imebaki saa tatu na mtu ni mgumu, mwache iishe na uongee naye kesho kuhusu zijazo. Ya Facebook haiishi, hiyo usiiache.

*Hataki kuitoa kwa sababu ya pongezi za watu.* Hapa kuna njia ambayo wengi hawaijui. Si lazima aifute. Afungue vidoti vitatu vya posti, abadilishe wanaoweza kuiona kuwa `Only me`. Posti inabaki kwake na maoni yote na majina yote, ila watu wengine hawaioni tena. Nimeona shangazi waliokataa kufuta wakikubali hili kwa dakika moja. Kama hajui kufanya hivyo, kijana wa nyumbani amsaidie.

*Imetumwa kwenye grupu la watu wengi.* Aliyeituma anaweza kuifuta kwa wote, na kiongozi wa grupu pia anaweza. Mwombe faragha. Jua kwamba inaweza kubaki kwenye simu ya aliyekwisha kuihifadhi, kwa hiyo wahi.

*Ameahidi, akaweka tena.* Mara ya pili huwa ni kusahau, au hakuelewa kwamba na video ni picha. Mrudie kwa upole, kitu kimoja kwa wakati. Mara ya tatu, acha kuomba na ubadilishe unachompa: mtumie zile za "ya kuweka" tu, bila kumtangazia kwamba umempunguzia. Mlango wa nyumba ubaki wazi. Aje, ale, ambebe mtoto.

*Anasema "mnajiona watu wakubwa sana."* Usijitetee. Jibu lililonifaa ni "Hapana Anti, ni woga wa mzazi tu, nivumilie." Mtu anaweza kubishana na kanuni, lakini kumbishia mzazi mwenye woga ni kazi ngumu.

*Mtu asiyetaka kusikia kabisa, au akaunti isiyojulikana imechukua picha.* Facebook ina fomu ya mzazi ya kuomba picha ya mtoto aliye chini ya miaka 13 iondolewe. Itumie kwa akaunti ya mgeni bila kusita. Kwa jamaa, iwe baada ya mume au mzee wa upande wake kumkabili ana kwa ana, kwa kuwa akigundua ni wewe uliyeripoti, kurudiana kutachukua miaka.

*Yule uliyemkosea zamani.* Mimi nilimwendea. Nilibeba sukari kilo mbili na majani ya chai, nikamwambia picha ilinitisha lakini maneno yangu yalikuwa mabaya, na nikamwonyesha kile kijitabu cha kliniki kwenye picha, kwa kuwa hakuwahi kukiona. Aliikuza kwa vidole viwili, akanyamaza, akasoma nambari yangu ya simu kwa sauti hadi tarakimu ya mwisho. Kisha akasema angalau ningemwambia hivyo siku ile.

Mtoto wa pili alipozaliwa ndiye aliyesimama mlangoni mwa chumba akiwaambia wageni waweke simu mfukoni mpaka kijitabu kifungwe.